Hati Inasema 400, Stoo Ina 392

Chini kabisa ya dilivari noti, ile karatasi anayokuja nayo dereva pamoja na mzigo, huwa kumechapwa sentensi moja fupi: nimepokea bidhaa zilizotajwa hapo juu zikiwa kamili na katika hali nzuri. Hufuata nafasi ya jina, saini, tarehe na mhuri. Mwenye duka akisaini hapo bila kuongeza neno, amekiri kwa mkono wake kwamba kila kilichoorodheshwa kimeingia stoo. Akigundua upungufu kesho yake, barua yoyote atakayoiandika itapambana kwanza na saini yake mwenyewe. Ndiyo maana kazi ya kudai mali pungufu huanza lori likiwa bado mlangoni, na sehemu kubwa ya madai yanayoshindikana hushindikana katika dakika hizo.

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi la Morogoro mjini. Mwenye duka, mama anayefanya biashara hiyo pamoja na mtunza stoo mmoja, ameagiza kwa msambazaji wa Dar es Salaam mifuko 400 ya saruji ya kilo 50, nondo za milimita 12 pisi 150, na katoni 20 za misumari. Wamekubaliana kwamba msambazaji ataleta mzigo kwa lori lake hadi dukani, na malipo yatafanyika baada ya siku 30. Lori linafika alasiri. Dereva ameshashusha mzigo wa mteja mwingine Chalinze, na anataka kurudi Dar kabla ya giza.

"Mama, saini hapo niondoke. Mzigo umehesabiwa ghalani kwetu."

"Subiri mwanangu, nasi tuuhesabu. Kaa kivulini, maji yapo."

Huyo mama amefanya jambo la maana kuliko yote yatakayofuata. Hakubishana na dereva wala hakumshuku, ila amekataa kusaini kabla ya hesabu.

Kuhesabu mifuko ya saruji kunaonekana rahisi mpaka makuli sita wanapoanza kupishana mlangoni. Anayehesabu kwa kukumbuka atakosea, kwa sababu ataitwa, ataulizwa bei na mteja, au simu italia. Maduka yaliyozoea hutumia njia mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni vijiti au vipande vya plastiki: kila kuli anayepita na mfuko hupewa kimoja, na mwisho wa kazi vipande hivyo ndivyo vinavyohesabiwa, tena ndivyo wanavyolipiwa ujira. Ya pili ni kupanga mifuko stoo kwa mpangilio unaofanana. Mtunza stoo wa duka letu hupanga mifuko mitano kila tabaka, matabaka manane kwenda juu, hivyo kila fungu lina mifuko 40. Mifuko 400 inapaswa kutoa mafungu kumi kamili. Safari hii yametoka mafungu tisa kamili, na la kumi lina matabaka sita na mifuko miwili juu yake. Hiyo ni mifuko 392. Vijiti navyo vimetoka 392.

Njia mbili zikikubaliana, mtu anaweza kusema kwa uhakika. Zisipokubaliana, kosa huenda liko kwako, na ni afadhali ulijue kabla hujapiga simu Dar. Fungu linaweza kuwa na shimo katikati lisiloonekana kutoka pembeni, na kuli anaweza kupita bila kuchukua kijiti chake, ingawa kwa vile ni ujira wake hilo hutokea mara chache. Hesabu ya pili lazima dereva awepo na ahesabu mwenyewe. Akishafika 392 kwa kidole chake, hana tena sababu ya kukataa kinachoandikwa.

Nondo zinahitaji uangalifu wa namna nyingine, kwa sababu huuzwa kwa pisi au kwa tani, na hati ikitaja kipimo kimoja huku dukani wakihesabu kingine, upungufu unaweza kuonekana pasipokuwepo au ukajificha pale ulipo. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa takriban kilo 0.888 kwa kila mita, kwa hiyo pisi ya mita 12 ni karibu kilo 10.7. Tani moja basi ni pisi 93 au 94. Aliyeagiza tani mbili akapewa pisi 180 amepungukiwa pisi saba hivi, lakini hatajua kama hati imeandika "tani 2" tu na hakuna mtu aliyepiga hesabu. Pia apime urefu na unene, maana idadi inaweza kutimia kwa pisi fupi au nyembamba. Katika mzigo wetu oda na hati vyote vimeandika pisi 150 za mita 12, na zimetimia.

Misumari imo ndani ya katoni zilizofungwa. Zikiwa 20 na hazikuchanika, mtunza stoo hana sababu ya kuzifungua zote dereva akingoja, lakini asikubali pia kwamba ameona kilichomo. Huandika kando ya mstari huo: "Katoni 20, hazijafunguliwa, yaliyomo hayajakaguliwa." Maneno hayo machache huacha mlango wazi kwa upungufu utakaoonekana katoni zikifunguliwa. Hata hivyo mlango huo haukai wazi muda mrefu. Wasambazaji wengi huchapa chini au nyuma ya hati muda wa kupeleka malalamiko, na muda wenyewe unaweza kuwa saa 24 tu. Maandishi hayo madogo yasomwe siku hiyohiyo.

Sasa kalamu. Tarakimu 400 iliyochapwa haifutwi wala haikatwi mpaka isisomeke. Kando yake kwenye mstari uleule huandikwa: "Imepokelewa 392 (mia tatu tisini na mbili). Pungufu mifuko 8 (minane)." Tarakimu peke yake ni rahisi kubadilishwa, ndiyo maana maneno huongezwa. Hufuata saa, jina na saini ya mpokeaji, kisha jina na saini ya dereva, na namba ya lori. Maandishi haya lazima yawe kwenye nakala zote, na hapa wengi huteleza. Mwenye duka huandika upungufu kwenye nakala inayobaki kwake, lakini nakala anayorudi nayo dereva inafika kwa mhasibu wa Dar ikiwa safi, yenye saini na mhuri na bila neno la upungufu. Mhasibu huyo atatoza mifuko 400 kwa nia njema kabisa, kwa kuwa karatasi aliyonayo inasema hivyo. Kama hati ina kaboni, kandamiza kalamu kisha ufunue kila nakala uone kama imetokea.

Mifuko iliyopasuka isichanganywe na iliyokosekana. Mfuko uliopasuka umefika, ila umeharibika, na huandikwa kwa mstari wake. Aliyeandika "mifuko 11 ina matatizo" wakati minane haipo na mitatu imepasuka amejitengenezea ugomvi: msambazaji atajibu kuhusu mitatu, na ile minane itazama humo humo.

Je, dereva akikataa kusaini? Madereva wengine hukataa kwa sababu wanajua mali ikipungua hukatwa wao mshahara. Usimzuie kwa nguvu. Piga simu kwa msambazaji dereva akiwa bado hapo, mweleze hesabu, na umpe dereva simu azungumze na ofisi yake. Akishikilia kukataa, andika kwenye hati "dereva amekataa kusaini upungufu", weka saa, na umwombe shahidi asiye wa dukani kwako aweke jina na saini. Piga picha ya hati iliyoandikwa, ya mafungu yalivyo stoo, na ya bodi ya lori ikiwa tupu. Picha ya lori tupu ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa swali la kwanza la msambazaji litakuwa kama mifuko haikubaki garini.

Kuna wanaotegemea tiketi za mizani ya magari: lori hupimwa likiwa na mzigo, hupimwa tena likiwa tupu, na tofauti ndiyo uzito wa mali. Kwa mifuko minane, ambayo ni kilo 400, tiketi hizo zinaweza kusaidia. Kwa mfuko mmoja au miwili hazifai, kwa kuwa lori linalotoka Dar hadi Morogoro huchoma mafuta yenye uzito wa makumi ya kilo, na mizani ya magari yenyewe haisomi kilo mojamoja. Kuhesabu kunabaki kuwa ushahidi bora wa mali iliyofungwa kwa idadi.

Lori likiondoka, barua iandikwe siku hiyohiyo. Simu imeshapigwa, lakini simu haina nakala. Ujumbe wa WhatsApp wenye picha unafaa kutangulia, nayo barua ikafuata kwa barua pepe au kwa mkono. Ya duka letu inaweza kusomeka hivi:

"Kwa Meneja Mauzo.

YAH: UPUNGUFU WA MIFUKO 8 YA SARUJI, DILIVARI NOTI NA. 0417

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Leo tarehe 12 Machi, saa 9 alasiri, tumepokea mzigo wa oda yetu na. 056. Hati yenu inaonyesha mifuko 400 ya saruji ya kilo 50. Tumehesabu mara mbili, mara ya pili pamoja na dereva, na tumepata mifuko 392. Upungufu ni mifuko 8. Nondo zimetimia. Katoni za misumari zimetimia kwa idadi, lakini hazijafunguliwa. Upungufu umeandikwa kwenye nakala zote za hati na dereva amesaini.

Ankara yenu na. 2283, iliyokuja na mzigo huu, imetoza mifuko 400 kwa Sh 14,750 kila mmoja pamoja na VAT, jumla Sh 5,900,000 kwa saruji. Mifuko 8 ni Sh 118,000. Tunaomba mtupatie krediti noti ya Sh 118,000 inayotaja ankara na. 2283. Hatuhitaji kuletewa mifuko hiyo.

Tunaomba pia mkague hesabu ya upakiaji na mizigo mingine iliyokuwa kwenye lori hilo. Fedha za bidhaa tulizopokea tutazilipa kwa tarehe tuliyokubaliana. Tutashukuru kupata jibu kufikia tarehe 15 Machi.

Tumeambatisha nakala ya hati na picha tatu."

Barua hii haimtaji mwizi. Haisemi mali imeibwa wala haisemi dereva ameuza mifuko njiani, na hilo ni kwa sababu mwenye duka hajui. Anachojua ni namba mbili na tofauti yake. Mifuko minane inaweza kukosekana kwa njia nyingi. Huenda mpakiaji alikosea tabaka, au hati ilichapwa kutoka kwenye oda huku ghala likiwa limeishiwa. Huenda mifuko iliyopasuka wakati wa kupakia iliwekwa kando na haikufidiwa, au mteja wa kwanza njiani alishushiwa zaidi. Wizi nao upo. Ukimtuhumu dereva kwa maandishi, umemgeuza msambazaji kuwa mtetezi wa mtu wake, na mjadala utahama kutoka kwenye mifuko minane kwenda kwenye heshima ya kampuni. Ukimwomba akague upakiaji, umempa kazi anayoweza kuifanya kwa saa moja.

Jambo la pili katika barua ni kwamba inaomba kitu kimoja mahsusi. Barua nyingi huishia kwa "tunaomba mlishughulikie suala hili", na msambazaji hulishughulikia kwa kusema "tutakufidia mzigo ujao". Mzigo ujao ukija, anayepokea simu ni mtu mwingine, nayo ahadi haipo popote. Mpokeaji achague: aletewe mali, au apunguziwe deni. Akitaka mali, aombe ije na dilivari noti mpya inayotaja ile ya zamani na yenye maneno "kukamilisha upungufu, bila malipo". Bila maneno hayo, karatasi mpya itazaa ankara mpya, na mifuko minane italipiwa mara mbili. Akitaka kupunguziwa deni, aombe krediti noti, yaani karatasi ya msambazaji inayokiri kwamba ankara fulani ilitoza zaidi kwa kiasi fulani.

Wenye duka wengi huona ni haraka zaidi kulipa pungufu wao wenyewe: ankara ni ya mifuko 400, wanalipa ya 392, na wanaona wamemaliza. Kwa macho ya mhasibu wa Dar, hiyo ni ankara isiyolipwa yote. Deni la Sh 118,000 litakaa kwenye taarifa ya kila mwezi, litapita siku 30, na linaweza kusababisha oda ijayo isitolewe kwa mkopo. Sehemu isiyo na ubishi ilipwe kwa wakati, na sehemu ya upungufu ifunikwe na karatasi.

Kodi nayo inadai karatasi hiyo. Bei yetu ya Sh 14,750 ni Sh 12,500 za mfuko na Sh 2,250 za VAT kwa asilimia 18, kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara. Ndani ya Sh 118,000, basi, mna Sh 18,000 za kodi. Risiti ya mashine ya EFD ikishatoka haifutwi. Msambazaji anapaswa kurekebisha mauzo yake kwa hati inayorejea risiti ya awali, na mnunuzi aliyesajiliwa kwa VAT anapunguza kiasi hichohicho kwenye kodi anayoidai kwa manunuzi yake. Mpango wa mdomo wa "nitakuongezea mifuko minane kimya kimya" huacha vitabu vya pande zote mbili vikisema uongo.

Sheria iko upande wa mpokeaji aliyehesabu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, ambayo kama ile ya Kenya ilitokana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inasema muuzaji akileta pungufu ya makubaliano, mnunuzi anaweza kukataa mzigo wote, au akaupokea na kulipia alichopokea kwa bei waliyokubaliana. Kukataa mifuko 392 kwa sababu ya minane ni jambo ambalo mfanyabiashara mwenye akili hatalifanya, lakini ni vizuri ajue kwamba kulipia 392 tu ni haki yake.

Hali hubadilika pale lori linapokuwa la mnunuzi. Kama mama wa Morogoro angekodi gari mwenyewe, kwa kawaida sheria ingehesabu kwamba mali imekabidhiwa kwake pale ilipopakiwa Dar. Mifuko minane iliyopotea Mlandizi ingekuwa kesi yake na mwenye gari. Mnunuzi wa namna hiyo anahitaji mtu wake wa kuhesabu ghalani wakati wa kupakia, turubai lifungwe na kutiwa sili, na namba ya sili iandikwe kwenye hati. Sili ikifika nzima na mifuko ikawa pungufu, tatizo linaelekea ghalani. Ikifika imekatwa, linaelekea barabarani.

Kilichobaki kiko ndani ya duka. Kadi ya stoo iandikwe 392, hata kama ankara inasema 400 na hata kama msambazaji ameshaahidi kwa simu. Hapa namtetea mtunza stoo, kwa sababu ndiye anayeumia karatasi zikiachwa hivihivi. Mwenye duka akiingiza 400 "kwa kuwa itakuja tu", siku ya kuhesabu stoo mwisho wa mwezi mifuko minane itakosekana, hakuna atakayekumbuka lori la tarehe 12, na kijana aliyeipanga mifuko vizuri fungu kwa fungu ataulizwa ameipeleka wapi. Nimeona vijana wakikatwa mshahara kwa mali ambayo haikushuka garini. Tarakimu moja iliyoandikwa sawasawa kwenye kadi ingewakinga.

Turudi kwa mfano wetu. Ofisi ya Dar inafungua karatasi ya upakiaji na kukuta mifuko 500 iliondoka: 100 ya Chalinze na 400 ya Morogoro. Wanampigia mteja wa Chalinze, ambaye alisaini 100 bila kuhesabu, wanamwomba ahesabu sasa. Ana 108. Makuli wa huko waliendelea kushusha dereva akinywa chai. Msambazaji anamtoza Chalinze mifuko minane, na Morogoro inatumiwa krediti noti ya Sh 118,000, Sh 100,000 za mali na Sh 18,000 za VAT, ikitaja ankara na. 2283.

Siku ya thelathini mwenye duka anazibana pamoja oda, dilivari noti yenye maandishi ya kalamu, ankara, barua na krediti noti, kisha kwa saruji analipa Sh 5,782,000.